Paipu 16 zilizokataa kutosha: jinsi nilivyojifunza kupanga kukata kabla ya kununua

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina banda langu hapa Dar, natengeneza mageti, grili za madirisha, meza, vitanda vya chuma na chochote ambacho mtu atanichorea kwenye karatasi hata kama mchoro wenyewe unafanana na kuku. Nataka niseme habari ya kukata paipu maana hela nyingi nilizopoteza kwenye hii kazi sikupoteza kwenye umeme wala kwenye vijiti vya kuchomelea, nimezipoteza kwenye vipisi. Vile vipisi vya sentimita 40, senti 50, ambavyo unavitupa kwenye kona unajiambia vitakuja kufaa, miezi 6 baadaye anapita kijana wa skrepa unampa kwa kilo.

Nianze na kosa la kwanza, hilo nilifanya nikiwa bado kwa mzee aliyenifundisha kazi. Tulikuwa na geti la milango miwili, kila bawa upana senti 147 na urefu senti 210, fremu ya skwea paipu inchi 2. Milingoti ya kusimama ni minne ya senti 210. Ya kulala ni mitatu kila bawa, yaani sita, na hiyo inakaa katikati ya milingoti kwa hiyo unatoa senti 5 huku na senti 5 huku, inabaki 137. Mzee akanunua paipu 3 za mita 6 akaniambia dogo kata hizo mi naenda msibani nitarudi jioni. Sasa mi nikaona za kulala ndo nyingi nianze nazo. Paipu ya kwanza nikatoa 137 nne, kikabaki kipisi cha kama senti 51. Ya pili nikatoa 137 mbili zilizobaki na mlingoti mmoja wa 210, kikabaki senti 115. Ya tatu milingoti miwili, ikabaki senti 179. Naangalia, nina milingoti mitatu. Unahitajika mmoja wa senti 210 na pale chini nina vipisi ambavyo ukivijumlisha vinafika mita 3 na nusu lakini hakuna hata kimoja kinachofika 210.

Mzee aliporudi hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alichukua chaki akaandika pale sakafuni: 210 + 210 + 137. Chini yake tena 210 + 210 + 137. Chini yake 137 mara nne. Paipu tatu, kazi imeisha, na kila moja inabaki kipisi kama cha senti 40 au 50 tu. Paipu zilezile, vipande vilevile, tofauti ni mpangilio peke yake. Ule mlingoti wa nne ikabidi tuunge, 179 na kipande cha 31, na mpaka leo nikipita ile mitaa naiona ile nundu pale chini ya geti hata kama wamepaka rangi mara mbili.

Basi nikajua kanuni ya kwanza, anza na virefu. Kipande kirefu ndo kinachochagua paipu, vifupi vinaingia kwenye nafasi inayobaki. Ukianza na vifupi unakuja kubaki na virefu ambavyo havina pa kukaa. Hiyo wengi tunaijua, hata kijana wa mwezi wa kwanza ukimwambia anaelewa. Ila hiyo haitoshi, na kilichonifundisha kwamba haitoshi ni kazi ya grili za mama mmoja, madirisha 6.

Hii kazi ntaieleza yote. Madirisha yote tundu lake ni senti 150 kwa 120. Grili naipa nafasi ya senti 1 kila upande ili iingie bila kubomoa plasta, kwa hiyo grili yenyewe ni 148 kwa 118. Paipu ni skwea ya inchi 1, mi naihesabu senti 2 na nusu. Miguu ya pembeni miwili inasimama urefu wote, 118. Za juu na chini zinaingia katikati ya miguu, kwa hiyo 148 toa 5 inabaki 143. Nondo za ndani (sisi tunaita nondo hata kama ni paipu) zinasimama kati ya juu na chini, 118 toa 5, 113. Mama alitaka nafasi isipite senti 12 hivi maana ana wajukuu. Nikahesabu nondo 9: upana wa ndani 143, nondo 9 zinakula senti 22 na nusu, inabaki 120 na nusu, gawa kwa nafasi 10, senti 12 na kidogo. Poa.

Kwa hiyo dirisha moja ni 143 mbili, 118 mbili, 113 tisa. Madirisha 6 ni 143 kumi na mbili, 118 kumi na mbili, 113 hamsini na nne. Vipande 78 jumla.

Sasa hapa ndo watu wengi tunapokosea. Tunajumlisha urefu wote, inakuja mita 92 na senti 34, tunagawa kwa 6, inakuja 15 na pointi 39, tunasema basi nunua 16. Na fundi mwingine anaongeza mbili za tahadhari bila kujua tahadhari ya nini. Hesabu ya kugawa inakwambia kitu kimoja tu, kwamba chini ya hapo haiwezekani kabisa. Haikwambii kwamba hapo inawezekana. Lile geti ningeligawa lingesema paipu 3, na ni kweli 3 zinatosha, lakini chukua mfano wa milingoti 8 ya senti 210, jumla mita 16 na senti 80, gawa kwa 6 unapata 2 na pointi 8, unanunua 3, kumbe kila paipu inatoa miwili tu, unahitaji 4. Paipu haijui hesabu ya jumla, yenyewe inajua vipande vizima tu.

Kwa hiyo mi siku hizi nagawa kama kuangalia tu, afu nauliza swali la pili: paipu moja inaweza kutoa vipande vingapi kwa wingi wake? Kwenye hii kazi kipande kifupi kabisa ni 113, sita zinakuwa 678, haiingii, kwa hiyo hakuna namna yoyote paipu itatoa zaidi ya vipande vitano. Vipande 78 gawa kwa 5 ni 15 na pointi 6, bado 16. Hesabu mbili zimekubaliana. Sasa kazi ni kutafuta mchanganyiko unaotoa vitano vitano.

Nikakaa na daftari. Ukikata kila aina peke yake, 143 nne kwa paipu, hizo paipu 3. Za 118 zinaingia tano, 590, kwa 12 ni paipu 3 lakini ya tatu inatumika mbili tu. Za 113 tano tano, paipu 11. Jumla 17. Tatizo liko kwenye 143, zinatoa nne tu kwa paipu. Ila nikaweka 143 moja na 113 nne: 595. Hiyo inaingia! Paipu 12 za hivyo zinamaliza 143 zote na nondo 48. Zinabaki 118 kumi na mbili na nondo 6. Paipu mbili za 118 tano tano, moja ya 118 mbili na nondo 3, na ya mwisho nondo 3 peke yake. Jumla 16 na ile ya mwisho inabaki na kipande cha mita 2 na senti 60, kizima, sio vipisi. Nilijiona injinia bana.

Kabla sijaendelea nigusie ule unene wa diski. Diski ya mashine ya kukatia kubwa ya inchi 14 inakula kama mili 3 kila unapokata. Vipande vitano pamoja na kipisi cha mwisho ni mikato 5, senti 1 na nusu imeenda kuwa unga. 595 inakuwa 596 na nusu, bado ipo. Lakini kulikuwa na mchanganyiko mwingine kwenye daftari, 143 na 118 na 113 tatu, ukijumlisha unapata 600 kamili. Mtu anaona ametoboa, hakuna kipisi hata kimoja! Ukienda kukata, ya mwisho inakuja pungufu zaidi ya senti 1. Vilevile 150 nne kutoka mita 6, hiyo haipo duniani, mteja akikuletea kipimo cha 150 na wewe unapanga nne, mwambie mapema au panga tatu. Na mwisho wa paipu kutoka kiwandani mara nyingine umepindwa au umebonyea kwenye usafiri, inabidi uuondoe. Mi mpango ambao hauachi angalau senti 2 au 3 siuamini.

Haya, nikaenda dukani na hesabu yangu. Naomba skwea paipu inchi 1, 16. Jamaa wa dukani akaniuliza za nini, nikamwambia, akapiga kwenye simu yake akasema ndio ndio 16 zinatosha. Vijana wakapakia kwenye guta, nikalipa, nikaenda.

Njiani wale vijana wa guta walitaka tuzikate katikati maana zinaning'inia nyuma. Nikakataa, na hilo nililikataa kwa bahati tu, baadae ndo nikapiga hesabu. Ukikata katikati unapata vipande vya mita 3, na kwenye mita 3 zinaingia mbili tu, iwe 113 mbili au 143 na 113. Yaani paipu inatoa nne badala ya tano. Vipande 78 gawa kwa 4, paipu 20. Yaani mkato mmoja wa kurahisisha usafiri unakugharimu paipu nne! Siku hizi kama usafiri ni shida nawaambia dukani wakate pale ambapo mpango wangu unakata, kwa hii kazi ingekuwa senti 341, upande mmoja nondo 3, upande wa pili 143 na nondo moja. Wanakuangalia kama una wazimu lakini wanakata.

Nimefika bandani, asubuhi yake nikaanza. 143, nondo, nondo, nondo, nikafika ya nne, naweka tepu inasoma 96 na kidogo. Inatakiwa 113. Kwanza nikajua nimekosea kupima, nikapima vile vipande vinne, viko sawa. Nikarudia tena. Afu ndo nikachukua paipu nzima nikaipima, 580. Nyingine, 580. Zote 16, mita 5 na senti 80.

Kumbe hizi ziko nyingi sokoni, na sababu yake sio wizi kama nilivyodhani siku ile (nilitukana sana, Mungu anisamehe). Kontena la futi 20 kwa ndani lina kama mita 5 na senti 90, kwa hiyo mzigo wa nje unaokuja na hayo makontena unakatwa 5.8 ili uingie. Ila dukani zote zinaitwa tu paipu, hakuna anayekwambia urefu mpaka uulize, na hata ukiuliza anasema mita 6 kwa mazoea. Ungeniuliza siku ile kabla sijanunua paipu ina urefu gani ningekujibu mita 6 bila kuwaza.

Sasa angalia kilichotokea kwenye mpango. Senti 20 ni kitu kidogo, asilimia 3 hivi. Ukigawa mita 92 na senti 34 kwa 5.8 bado unapata 15 na pointi 92, yaani 16, jamaa wa dukani kwa kugawa kwake bado yuko sahihi. Lakini 143 na 113 nne ni 595, haiingii kwenye 580 hata kwa dawa. Kila paipu yenye 143 sasa inatoa vipande vinne tu. Namna nzuri iliyobaki ni kuzirundika zile 143 pamoja, nne nne, 572 na mikato inaingia, zimalizike kwenye paipu 3, afu zilizobaki 66 zikatwe tano tano. 118 mbili na 113 tatu ni 575, na mikato 576 na nusu, inaingia. 118 tatu na 113 mbili ni 580 kamili, mtego uleule. 66 gawa kwa 5 ni 13 na kidogo, kwa hiyo 14. Na 3 za mwanzo, 17. Hakuna ujanja wa kushuka hapo, nilijaribu usiku mzima.

Na mpango wenyewe umegeuka kichwa chini, unaona? Kwenye mita 6 dawa ilikuwa kutawanya 143, moja moja kila paipu. Kwenye 5.8 dawa ni kuzikusanya. Ndo maana nasema mpango wa kukata hauazimwi kutoka kazi nyingine, hata kama madirisha ni yaleyale.

Mi nilikuwa nimeshaharibu paipu moja, kwa hiyo nikapanga upya kilichobaki, nikakata zote 15, mwisho wa siku nimepungukiwa nondo mbili. Mbili! Kuna rafiki yangu jirani akasema fundi weka nondo 8 kwenye madirisha mawili nani atahesabu. Nafasi inatoka senti 12 inafika karibu 14, na mama yule ana wajukuu na ana macho. Akasema basi unga vipisi. Nondo ya dirisha ikiungwa katikati kwenye paipu nyembamba ni rahisi kutoboka, ukishaisaga inabaki nyembamba pale pale kwenye kiungo, mwizi akiitikisa inaanza hapo. Kuunga naweza kukubali kwenye sehemu ya fremu iliyolala ukutani, sio nondo. Nikarudi dukani kununua moja, na nauli ya guta kwa paipu moja ilikaribia nauli ya 16.

Mama alilipa bei tuliyokubaliana, hiyo ya 17 ilikuwa juu yangu.

Kitu kingine nilichokigundua kwenye kazi hiyohiyo ni kuhusu vipimo vya site. Madirisha 6 yanayoitwa 150 kwa 120 hayawi sawa, hasa kama umepima kabla ya plasta. Dirisha likizidi upana senti 1, kwenye ule mpango wa 143 na 113 nne unapoteza senti 1 tu, nafasi ipo. Likizidi kwenda juu senti 1, nondo zote nne zinaongezeka, unapoteza senti 4, na ulikuwa na 3 na nusu. Mpango umekufa. Kwa hiyo nikienda kupima siku hizi urefu wa kwenda juu napima mara tatu, kushoto kati kulia, nachukua ule mdogo, na upana siumizi kichwa sana. Kipimo kinachojirudia mara nyingi kwenye paipu moja ndicho cha kuogopa.

Na wakati wa kukata usiweke alama zote kwenye paipu kwa mara moja, 113, 226, 339, afu ukate kwenye mstari. Diski inakula mili 3 pale kwenye mstari na vipande vinatoka vifupi, nondo moja ikipungua mili 2 au 3 unabaki unajaza mwanya kwa kijiti, inatoka mbaya. Mi nimechomelea kizuizi kwenye meza ya mashine, naisukuma paipu mpaka igonge, nakata, nasukuma tena. Nondo 54 zinatoka kama mapacha na tepu sijaigusa.

Kwenye mbao mambo ni yaleyale ila kuna visa vyake. Rafiki yangu seremala wa kenchi anasema yeye mbao ya futi 12 haihesabu 12, anaangalia kwanza ncha zimepasuka wapi na fundo liko wapi, kwa hiyo anachagua mbao ipi iende kwenye mpangilio upi kwa macho, mbao kwa mbao. Paipu angalau zote zinafanana.

Ile paipu ya 17 ilitoa nondo zangu mbili ikabaki na senti 353. Nikaiandika urefu wake kwa chaki, 353, nikaisimamisha peke yake mbali na vipisi, maana kipande kikiingia kwenye lile rundo hakitoki. Wiki tatu baadae mama yuleyule akanipigia, dirisha la choo, 60 kwa 45, alikuwa amelisahau. Miguu miwili ya 43, za kulala mbili za 53, nondo tatu za 38, ukiweka na mikato ni senti 308. Nikakata kutoka hapohapo, nikabaki na 45. Hiyo 45 ipo bado kwenye kona, sijui ya nini.